Zawadi ya shemeji: mbuzi ya nazi iliyotoka kwenye vipande vya mninga

Mama mkwe wa kaka yangu alipiga simu kutoka Pangani asubuhi ya saa tatu. Kaka alikuwa na gundi mikononi, akaniomba nimwekee spika. Mama akatusalimia, akaulizia wajukuu zake mmoja mmoja, kisha akasema, "Haya hongereni, wanangu. Leo miaka 10. Mwenyezi Mungu awazidishie mapenzi." Kaka akaitikia, "Amina, mama, tunashukuru sana." Simu ilipokatika akachukua kitambaa, akafuta kidole kimoja baada ya kingine, akaniambia, "Mdogo wangu, nimesahau."

Karakana yetu iko Ngamiani, hapa Tanga. Kaka ndiye fundi mwenyewe na ndiye aliyenishikisha randa kwa mara ya kwanza, kwa hiyo ninavyomjua ni kama kaka na kama mwalimu. Si mtu wa kupuuza nyumba yake. Wiki ile tulikuwa na milango ya nyumba nzima, mwenye nyumba alikuwa anatusukuma, na fedha zote za malipo ya awali zilikuwa zimeshageuka mbao na bawaba. Malipo yaliyobaki yangekuja milango ikishasimama. Yaani siku ile mfukoni mlikuwa na nauli na hela ya chakula cha mchana, basi.

Angeweza kukopa. Muuza duka la kanga wa mtaa wa pili anamwamini. Alilifikiria hilo kwa muda, akalikataa, akasema doti ya mkopo ataishia kuilipa shemeji mwenyewe kwenye bajeti ya mboga. Akaanza kutazama vipande vya mbao vilivyoegemezwa ukutani, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya ufundi sikuwa nimelifikiria vizuri: si kila kitu unachojua kutengeneza kinaweza kutengenezwa leo.

Wazo langu mimi lilikuwa sanduku dogo la vito, lenye mfuniko. Vipande vya kutosha vilikuwepo. Kaka akatikisa kichwa. Sanduku linashikwa na gundi kwenye kona zote nne, na gundi nyeupe tunayotumia, hata kama unaweza kufungua jiriwa baada ya saa moja, inahitaji kama saa 24 ndipo ishike kwa nguvu zake zote. Juu ya hapo kuna vanishi. Vanishi ya mafuta ukiipaka saa tisa mchana, usiku bado inanata, na harufu yake itajaa chumba kizima. "Nikimpelekea kitu kinachonata," akasema, "nimempelekea kazi ambayo haijaisha." Kioo chenye fremu kilikwama hapohapo, maana fremu nayo ni gundi, na kioo ni hela. Mwiko wa kuchonga ungewezekana, lakini miiko shemeji anayo mingi na yote kaka ndiye aliyemchongea.

Kwa hiyo swali likawa jembamba. Ni kitu gani cha mbao kinachosimama bila gundi, kisichohitaji vanishi, kinachoweza kumalizika kabla ya magharibi, na ambacho yeye anakihitaji kweli? Kaka akanyamaza kidogo, akasema, "Mbuzi."

Mbuzi ya shemeji ilikuwa mbovu, na wote tuliokula kwake tulikuwa tunaijua kwa kuisikia. Ilikuwa ile ya kununua sokoni, kibao chepesi chenye chuma kilichopigiliwa misumari miwili. Msumari haufai kwa kazi hiyo. Kila anayekuna anasukuma kifuu chini na mbele, chini na mbele, na chuma nacho kinanyanyuka na kushuka, mpaka tundu la msumari linapanuka na chuma kinaanza kucheza. Chuma kikicheza unaiona nazi yenyewe inavyotoka. Haitoki laini kama unga, inatoka mapandepande, na ndani yake unakuta vipunje vya kahawia, kwa sababu jino limeteleza likachimba ile ngozi iliyoshikana na kifuu. Mapande hayakamuliki vizuri. Unapata tui jepesi, machicha yanabaki na utamu wake, na mtu anakuna nazi tatu mahali pa mbili. Shemeji alikuwa ameshalalamika mgongo pia, maana kile kibao kilikuwa chini mno na ilimbidi ainame.

Hayo yote kaka alikuwa anayajua. Alikuwa amemwahidi kuirekebisha, na kila siku milango ya watu ilikuwa inatangulia.

Kabla ya kugusa mbao, alinituma nyumbani. Niliambiwa niseme nimefuata chakula cha mchana, na nikipata nafasi nipime vitu viwili: upana na kimo cha bakuli analokingia nazi, na kimo cha kigoda anachokaa akipika, kwa kuwa kwenye kigoda kile hajawahi kulalamika mgongo. Nikauliza kama siwezi kukadiria tu kwa macho. Kaka akakata fito nyembamba, akanipa na penseli. "Weka alama kwenye fito. Macho yako yatakudanganya, na mimi sitakuwa na muda wa kurudia."

Nilimkuta shemeji uani anaanua nguo. Nikamwamkia, akaniuliza kaka yako yuko wapi, nikasema ana kazi nyingi. Akasema, "Anazo kweli," akaingia ndani kupakua. Nikaweka alama haraka. Bakuli lilikuwa na upana wa sentimita 28 na kimo cha 12. Kigoda kilikuwa sentimita 22.

Niliporudi ndipo nilipoelewa kwa nini bakuli lilikuwa muhimu kuliko kitu kingine chochote. Kaka alichora mbuzi kwa ubavu, kwa chaki, juu ya ubao wa plaiwudi, kwa ukubwa wake halisi. Nazi inaangukia chini ya ncha ya chuma. Kwa hiyo katikati ya bakuli lazima pawe chini ya ncha hiyo, na nusu ya bakuli lazima iingie nyuma, kuelekea mguu wa mbele wa mbuzi. Mguu ukiwa karibu mno na ncha, bakuli halitaingia, litakaa mbele, na nusu ya nazi itaanguka mkekani. Ukiusogeza mguu nyuma sana ili bakuli liingie kwa raha, unapata tatizo jingine: mkunaji akiegemea mbele kwa nguvu, mbuzi nzima inabinuka, kwa sababu ncha iko mbali na mguu na uzito wake yeye unahamia mbele. Mbuzi nyingi za haraka haraka zinakosea hapo. Fundi ameitengeneza bila kujua bakuli la mwenye nyumba.

Akapiga hesabu palepale kwenye plaiwudi. Nusu ya bakuli ni sentimita 14. Aliongeza 2 za nafasi, zikawa 16. Basi mahali mguu wa mbele unapogusa sakafu pawe sentimita 16 nyuma ya ncha, si zaidi. Kwa kimo, akahesabu kuanzia chini: bakuli 12, nusu ya kifuu kinachoning'inia chini ya chuma kama 6, na nafasi ya vidole 8. Jumla 26. Kiti kinakaa kwenye 22 kama kigoda, kwa hiyo chuma lazima kinyanyuke sentimita 4 kutoka kwenye kiti hadi kwenye ncha. Mchoro ule ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa siku ambayo tulikuwa tunakimbizana na jua, lakini baada ya hapo hatukusimama tena kujiuliza chochote.

Mbao ilikuwa mninga, vipande vilivyobaki kwenye kazi ya mlango wa mbele wa mtu, unene wa inchi 2. Mninga unaotufikia huku unatoka bara, kwenye misitu ya miombo, na mafundi wanaupenda kwa sababu ukishakauka hausogei sana. Haupindi wala kusinyaa hovyo masika na kaskazi zikipishana. Kwa kazi isiyo na gundi hilo ndilo jambo lenyewe. Kiungo kitashikwa na mbano wa mbao kwa mbao tu, na mbao ikiwa bado na maji, itasinyaa ndani ya wiki chache na kila kitu kitalegea.

Kaka hapimi ukavu kwa mashine. Alichukua vipande viwili, akaviweka shavuni kimoja kimoja. Kimoja kilikuwa cha baridi, akakirudisha ukutani. Kile cha pili akakipitishia randa mara mbili, akaokota maranda marefu yaliyotoka, akayakunja kati ya vidole karibu na sikio langu. Yalikatika kwa mlio mkavu. "Mbichi ingekunjika kama karatasi iliyolowa," akasema. Akaigeuza mbao na kuitazama kwa urefu wake. Pembeni palikuwa na mstari mweupe, ile sehemu ya nje ya mti, akaukata wote kwa sababu wadudu huanzia huko. Karibu na upande mmoja palikuwa na jicho la tawi. Akaigeuza mbao kichwa chini miguu juu, jicho likaenda nyuma, chini ya kalio la mkaaji. Pua ya mbuzi, ile sehemu nyembamba inayobeba chuma, lazima iwe na nyuzi zilizonyooka kutoka nyuma hadi mbele. Pua yenye jicho au nyuzi zinazokatisha itapasuka siku moja katikati ya kukuna, na chuma kitaangukia mguuni mwa mtu.

Kiti kilitoka na urefu wa sentimita 62, upana 24 kwa nyuma, kikipungua taratibu hadi 7 kwenye pua. Miguu ilikuwa mbao mbili za kusimama, moja mbele na moja nyuma, zimekatwa upinde chini ili kila moja iwe na nyayo mbili. Zote zilitanuka nje kidogo, digrii 10 hivi, moja ikielekea mbele na nyingine nyuma, ili mbuzi isibinuke kwa urahisi. Juu ya kila mguu tukaacha ndimi mbili, na kwenye kiti tukatoboa matundu manne ya kupitisha ndimi hizo mpaka zitokeze juu. Matundu yenyewe yalipigwa kwa patasi yakiwa yameinama kwa pembe ileile ya digrii 10. Tulipiga nusu kutoka juu na nusu kutoka chini ili kingo zisichanike.

Hapa ndipo kaka alipochukua patasi kutoka mkononi mwangu ili anioneshe kitu. Ulimi ukishapita kwenye tundu, unaupasua kichwani kwa msumeno na kuchomeka kabari. Kabari inautanua ulimi, na ulimi unabana ndani ya tundu kama kidole kilichovimba ndani ya pete. Ndiyo inayofanya kazi ya gundi. Lakini inautanua kuelekea wapi? Ukiweka kabari kwa kufuata nyuzi za kiti, ulimi utatanuka kushoto na kulia, utasukuma nyuzi ziachane, na kiti kitapasuka kutoka tundu hadi ukingoni. Hata kisipopasuka palepale kwa nyundo, kitapasuka baadaye. Kabari lazima ikatishe nyuzi za kiti, ili ulimi utanuke mbele na nyuma, usukume zile kuta za tundu ambako nyuzi zimekatwa. Kuta hizo haziachani. Kaka akaninyooshea kidole kwenye kigoda cha zamani cha karakana chenye ufa mrefu kwenye kiti. Nilikuwa nimekikalia miaka yote bila kuuliza ule ufa ulitoka wapi.

Tulipopiga kabari ya mwisho ilikuwa imeshapita saa tisa. Nikiwa nafyeka vichwa vya ndimi viwe sawa na kiti, kaka alikuwa ameshatoka na kipande cha panga.

Chuma hatukukinunua. Kulikuwa na panga kuukuu lililokatika mpinini, tunalotumia kukwangulia gundi kwenye benchi. Panga linafaa kwa sababu linaliwa na tupa. Chuma kigumu kama springi ya gari kingemaliza tupa zetu kabla ya kumaliza meno. Kaka alikata kipande kwa msumeno wa chuma, akakipunguza upana hadi sentimita 4 na nusu, maana kichwa cha mbuzi lazima kizunguke kwa raha ndani ya nusu ya kifuu bila kugusa kingo zote mbili. Akaomba jiko kwa mama muuza chai wa pembeni yetu, akakizika chuma kwenye mkaa hadi kikawa chekundu, akakikunja shingo kwa koleo na nyundo ili kipate ule mnyanyuko wa sentimita 4. Hakukitia kwenye maji. Alikifukia kwenye majivu kipoe chenyewe taratibu. Ukikizamisha majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na tupa inateleza juu yake. Kikipoa polepole kinakuwa laini, unakichonga unavyotaka. Hasara yake ni kwamba meno yake hayatadumu kama ya chuma kigumu. Itabidi yapitishiwe tupa kila baada ya muda, na kaka alisema afadhali hivyo, chuma unachoweza kukinoa mwenyewe nyumbani kuliko kile kinachokushinda.

Meno ndiyo sehemu aliyoifanya bila msaada wangu. Seremala ananoa misumeno maisha yake yote, kwa hiyo tupa ya pembe tatu anaijua. Alizungusha kwanza kichwa cha chuma kiwe nusu duara, akakibana kwenye jiriwa, akaanza katikati ya duara na kwenda kulia, kisha akarudi katikati na kwenda kushoto. Aliniambia ukianzia pembeni, makosa madogo yanajikusanya na upande wa pili unaishia na jino kubwa peke yake. Kila jino lilikuwa na kina cha milimita 3 hivi. Tupa ilisukumwa mbele tu, ikanyanyuliwa, ikarudishwa bila kugusa chuma. Alipomaliza aligeuza chuma akakilaza, akaifuta ile mikwaruzo iliyojikunja upande wa chini, kwa sababu ikiachwa inamegeka na kuingia kwenye nazi. Halafu akapitisha ukucha wake wa dole gumba polepole juu ya meno yote. Jino butu linateleza kwenye ukucha. Matatu yaliteleza, akayarudia.

Chuma kilifungwa kwenye pua kwa bolti mbili zenye washa na nati chini, ili kikilegea kikazwe, na kikitaka kunolewa kifunguliwe. Matundu ya bolti tulitoboa kwa keekee, moja nyuma ya jingine lakini si kwenye mstari mmoja wa nyuzi, kwa sababu ileile ya kuogopa ufa.

Tukaisimamisha mbuzi juu ya benchi. Ilicheza kidogo kwenye unyayo mmoja. Kaka akasukumia kipande cha kadi chini ya ule unyayo uliokuwa juu mpaka ikatulia, akazungushia penseli nyayo nyingine tatu kwa unene wa kadi ile, tukazikata. Akanikalisha, akaniambia nisukume mbele kwa nguvu zangu zote, nikasukuma, haikubinuka. Msasa ulipita mara mbili, ule wa kukwaruza na ule laini. Mahali pa vanishi alitumia nta ya nyuki, ile tunayopaka kwenye droo ili ziteleze. Alisugua kipande cha nta juu ya mbao, akaikandamiza kwa kitambaa kikavu hadi ikaingia. Nta haisubiriwi ikauke. Mninga ukapata ule wekundu wake wa kahawia wenye mistari, na adhana ya magharibi ilikuwa bado.

Aliifunga kwenye gunia safi. Njiani hatukuzungumza sana. Nilidhani atanyamaza kuhusu kusahau, kwa kuwa zawadi ilikuwa mkononi na ilikuwa nzuri. Tulipoingia uani, shemeji alikuwa amekaa na watoto. Kaka akamsalimia, akaiweka chini, akasema, "Mke wangu, nisingependa ufikiri niliipanga hii. Nilisahau mpaka mama aliponipigia asubuhi. Hii nimeianza baada ya hapo."

Shemeji akasema, "Nilijua umesahau. Asubuhi ulikunywa chai huku unahesabu bawaba." Kisha akafungua gunia.

Hakusema imependeza. Alikaa juu yake, akavuta bakuli lake kwa mguu, akalisukuma chini ya chuma. Likaingia, na ukingo wake ukasimama vidole viwili kutoka kwenye mguu wa mbele. Akatazama pale chini, akanitazama mimi. "Kumbe ndiyo maana ulikuja kufuata chakula, na sahani ukaisahau mezani." Akamwambia mtoto mkubwa alete nazi. Akaipasua, akaanza kukuna. Sauti ya mbuzi nzuri ni tofauti, haikwami, ni mkwaruzo mmoja mrefu unaojirudia. Nazi ilikuwa inashuka nyeupe, nyepesi, bila kipande. Alipofika karibu na kifuu alipunguza nguvu, akazungusha, akainua kile kifuu kwenye mwanga wa taa kukagua ndani. Kilikuwa safi na ile ngozi ya kahawia haikuchimbwa popote. Akakuna na nusu ya pili bila kunyoosha mgongo hata mara moja, na mimi nilikuwa nauangalia mgongo wake.

Ndipo akasema, "Miaka 10 nakuambia ile nyingine inanivunja mgongo. Sikujua kama ulikuwa unasikia." Kaka akajibu kwamba alikuwa anasikia. Akasema tatizo lilikuwa anadhani kusikia kunatosha. Shemeji hakumjibu hilo. Alimwambia tu kwamba ukingo wa kiti, pale paja linapolala, umekuwa mkali, na angependa uzungushwe. Asubuhi kaka alikwenda karakana na mbuzi mkononi, akauzungusha ukingo ule kwa randa ndogo kabla ya kugusa mlango wa mtu yeyote.

Mbuzi ile ipo. Kabari hazijalegea, kaskazi imeipitia na masika pia. Bolti moja imekazwa. Meno kaka huyapitishia tupa mwenyewe, na siku hizi hangoji kuambiwa, anasikiliza ule mkwaruzo kutoka sebuleni, akisikia unakwama anakwenda kuchukua tupa. Nimeona pia kwamba tarehe ya ndoa yao ameiandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati la vifaa, mahali anapoandika tarehe za kukabidhi kazi za wateja.

Majirani wawili walioiona wametaka na wao. Mmoja alileta fedha na kusema tumtengenezee kama ile ile ya shemeji, na mimi nikawa tayari kuchukua ule ubao wa plaiwudi wenye mchoro. Kaka akakataa. Akamwomba alete bakuli lake kwanza. Lilikuwa sinia kubwa, sentimita 36, maana anapika biashara. Nusu yake 18, na 2 za nafasi, zikawa 20. Ncha ikiwa mbali hivyo na mguu, kiti chenye urefu kama wa kile cha shemeji kingebinuka naye, kwa hiyo chake kinahitaji kurefushwa nyuma, ili akae mbali zaidi na mguu wa mbele. Tumetafuta kipande cha mninga cha urefu huo. Kipo kimoja, lakini kaka alikiweka shavuni akakirudisha ukutani, akamwambia mama yule asubiri kikauke.